Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 20: Ujumbe Usio Wako

Ndugu zangu katika imani, leo jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Wenzetu wanaokaa itikafu wameshaanza kubeba mashuka na misahafu kuleta msikitini. Mwenyezi Mungu awakubalie, na sisi tuliobaki majumbani asitunyime fungu letu.

Tafakuri ya leo inahusu jambo dogo linaloingia mifukoni mwetu kila wiki, na mara nyingine linabomoa nyumba: ujumbe uliofika kwenye simu yako lakini unaonekana haukuwa wako. Unaujibu vipi? Na moyo wako unaufanya nini baada ya hapo?

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho.

Ni saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Uji uko jikoni, tambi ziko mezani, adhana bado kidogo. Simu inalia. Ni shemeji yako, kaka wa mwenzio. Unafungua unakuta ameandika: "Nimeshaongea naye, hajui chochote. Ile laki nane tusimwambie mpaka Idi ipite."

Basi. Hakuna salamu, hakuna jina lako. Huna mazungumzo yoyote na yeye kuhusu laki nane. Ni wazi alikuwa anamwandikia mtu mwingine, kidole kikaenda kwako.

Sasa weka jambo moja juu yake. Mwezi wa Rajabu huyu shemeji alikukopa laki tano, akasema atalipa Ramadhani, na mpaka leo tarehe ishirini hajasema neno. Unaona moto ulivyowaka? Adhana haijafika, lakini kichwani umeshaandika kitabu kizima. Pesa anayo, ananificha. Huyo "naye" ni mimi. Aliyeongea naye ni mwenzangu. Nyumba nzima inajua, mimi peke yangu ndiye sijui.

Hebu turudi kwenye maneno yenyewe, tuyahesabu. Una vitu vitatu tu mkononi: namba iliyotuma, saa iliyotumwa, na sentensi mbili. Hakuna cha nne.

Angalia neno "naye". Kiswahili chetu hakitofautishi mwanamume na mwanamke hapo. "Naye" anaweza kuwa baba, mama, mtoto, mgonjwa, fundi, mwenye nyumba au bosi wa kazini. Angalia "tusimwambie". Kuna watu wawili au zaidi wanaokubaliana jambo, na wewe hujui ni akina nani. Angalia "ile". "Ile laki nane" ni neno la watu ambao wameshazungumza kabla. Wao wanajua ni ipi. Wewe huijui, ndiyo maana akili yako imekimbilia kwenye pesa pekee unayoijua, laki tano yako, ikaibandika pale. Si yeye aliyeandika habari yako. Ni wewe uliyejaza mapengo yake kwa vitu vyako.

Hapa ndipo lilipo jambo la leo. Ujumbe uliopotea njia daima una mapengo, kwa kuwa aliyeuandika alikuwa anazungumza na mtu anayejua yaliyotangulia. Na moyo haupendi pengo. Unalijaza kwa kilicho karibu: ukiwa na deni, utalijaza kwa deni. Ukiwa na wivu, utalijaza kwa wivu. Ukiwa na ugomvi wa mwaka jana, ugomvi ule utaamka.

Tazameni mpangilio wa aya ya 12 katika Suratul Hujuraat. Mwenyezi Mungu anaanza kwa kutuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, na anatujulisha kwamba zimo dhana ambazo ni dhambi. Halafu anakataza upelelezi. Halafu anakataza kusengenyana, na kukufananisha na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Ukiutazama mpangilio huo ni ngazi, na ujumbe wa makosa unashuka ngazi hiyo hiyo hatua kwa hatua. Kwanza unadhani. Kisha dhana inakuwasha, unaanza kuchungulia: amebadilisha picha lini, mara ya mwisho alikuwa hewani saa ngapi, ameweka nini kwenye status yake. Kisha unampigia mtu: "Hebu nikwambie, lakini usimwambie mtu." Kutoka adhana ya magharibi mpaka tarawehe umeshafika chini ya ngazi, na ulifunga siku nzima.

Basi tufanye nini? Nakuja na mfano wa kitu kilichookotwa. Sisemi kwamba hukumu ya fiqhi ya kuokota mali ndiyo hukumu ya meseji, nachukua adabu yake tu. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Zaid bin Khalid al-Juhani, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mali iliyookotwa. Akaelekezwa autambue mfuko wake na kamba iliyofungia, kisha aitangaze mwaka mzima. Wanazuoni wakaeleza faida ya kutambua mfuko na kamba: akija mwenyewe akaitaja sifa yake, ujue kweli ni yake, na pia isichanganyike na mali yako.

Angalia kiasi cha kutazama kilichotajwa: mfuko na kamba, yaani cha kutosha kumrudishia mwenyewe.

Ujumbe nao una mfuko na kamba. Mfuko ni namba iliyotuma na saa. Kamba ni maneno ya mwanzo yanayokuonyesha kwamba hapa sipo mimi. Ukishaona hivyo, umeshapata unachohitaji ili kuurudisha. Kuusoma mara ya pili ni kufungua kamba. Kuusoma mara ya tano ukiwa umejifungia chooni ni kumwaga mfuko mezani na kuhesabu vilivyomo.

Utasema, "Lakini meseji fupi hivi, nimeshaisoma yote kabla sijajua si yangu." Kweli, na hapo huna dhambi. Jicho lilifika kabla ya akili. Swali ni unafanya nini kuanzia pale ulipojua.

Jambo la kwanza, jibu upesi. Hili watu wengi hawalioni. Mtu anasema, "Mimi sikufanya kitu, nilinyamaza tu." Alinyamaza kwa nini? Alikuwa anasubiri ujumbe wa pili. Anajua mwenzake hajagundua, anajua mazungumzo yanaendelea, akakaa kimya kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango amebana pumzi. Kimya cha namna hiyo ni upelelezi, hata kama hukugusa kitufe. Jibu lako la haraka ndilo linalomfungia mlango asije akamwaga na mengine.

Jambo la pili, jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Kwa mfano wetu, linaweza kuwa hivi:

"Assalaam alaykum shemeji. Ujumbe uliotuma saa kumi na mbili kasoro robo umefika kwangu, nadhani haukuwa wangu. Angalia ulimkusudia nani. Futari njema."

Tulitazame jibu hili. Lina salamu, kwa kuwa huyu bado ni shemeji yako, hajageuka kuwa mtuhumiwa. Linataja ujumbe kwa saa yake, halirudii maneno yake. Hilo ni muhimu, kwa sababu simu yake nayo inaweza kuwa mkononi mwa mtoto au mezani mbele ya watu, na ukiandika "ile laki nane" umeitangaza mara ya pili. Lina neno "nadhani", kwa kuwa inawezekana kweli alikukusudia wewe na alisahau kukueleza mwanzo. Mwachie nafasi ya kusema hivyo. Na linaishia na dua ya futari, halina swali. Mpira umerudi kwake na hakuna kamba iliyofungwa mguuni mwake.

Sasa yaweke kando yake majibu tunayoyatuma kweli.

"Laki nane ipi tena shemeji?" Hili linaonekana ni swali la kawaida, lakini linamlazimisha mtu aeleze jambo ambalo hakukuchagua wewe kulijua. Atafanya nini? Ama atasema siri ya mtu mwingine, ama atadanganya. Umemweka kwenye njia mbili, zote mbaya, na yeye amefunga.

"Hii ulikuwa unamtumia nani?" Upelelezi huo huo, umevaa kanzu.

Vile vikatuni vya macho yaliyotoka, au alama za kuuliza tatu bila neno. Hivi ni vibaya kuliko maneno, kwa kuwa sasa na yeye umempa mapengo ya kujaza. Atakaa usiku kucha akifikiri umeelewa nini.

"Usijali shemeji, siri yako iko salama kwangu." Hili linaonekana la upole, na wenye nia njema hulituma sana. Lakini tayari umeshaamua kwamba ni siri, na kwamba ni yake, na kwamba kuna cha kuficha. Umesoma zaidi ya kilichoandikwa. Na umeifanya kuwa fadhila anayodaiwa.

"Wala sijausoma." Ndugu yangu, kama umeusoma, huo ni uongo, tena mchana wa Ramadhani. Huna haja nao. Usiposema kitu kuhusu kusoma, hujadanganya. Na akikuuliza, mwambie ukweli: "Niliusoma kabla sijajua si wangu. Nimeufuta." Ukishasema hivyo, ufute kweli.

Jambo la tatu ni baada ya kujibu, na hapa ndipo penye kazi. Shemeji anaweza kurudi akaandika, "Samahani, nilikosea." Basi, hakueleza zaidi. Je, una haki ya kuelezwa? Huna. Neno "samahani" limelipa. Usilitafsiri ufupi wake kuwa ni ushahidi.

Na mwenzio amekaa pembeni yako anamimina uji. Huyu ni dada yake. Utamwambia? Kuna hadithi kwa Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Jabir bin Abdillah, inayotufundisha kwamba mtu akizungumza jambo huku akigeuka kuangalia nyuma, maneno yake yanakuwa amana kwa aliyeyasikia. Hakusema kwa mdomo "usimwambie mtu". Kugeuka kwake kumetosha. Basi na huyu aliyeandika kwa mtu mmoja mahsusi, mwenye jina na namba, kuchagua kwake mtu mmoja ni sawa na kugeuka nyuma. Ujumbe ulipotea njia, lakini amana haikupotea, imehamia kwako. Kunyamaza mbele ya mwenzio si kumficha jambo lako, kwa kuwa jambo lenyewe si lako.

Hapa mtu wa heri atasema, "Sawa ustadhi, nimeelewa, nitamdhania mema. Nitasema labda laki nane ni zawadi wanamwandalia mama mkwe." Nia ni nzuri, lakini angalia, na hiyo pia ni hadithi umeitunga. Jumapili ukienda kwa mama mkwe ukakuta hakuna zawadi, dhana yako njema itageuka kuwa mbaya maradufu, kwa sababu uliijenga juu ya jambo usilolijua. Kuna usemi mashuhuri wa wema waliotangulia, si hadithi ya Mtume, kwamba umtafutie ndugu yako nyudhuru mpaka sabini. Wengi tunaishia hapo. Mwisho wa usemi huo unafundisha kwamba ukikosa zote, useme huenda ana udhuru mimi siujui. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotosha tangu mwanzo. Kumdhania mema ndugu yako hakukutaki uwe mtunzi wa riwaya nzuri. Kunakutaka ukubali kutokujua, ukae nako, na umtendee kama ulivyomtendea jana.

Na huenda usijue mpaka unakufa. Tukisimuliana visa hivi tunapenda viishie kwa kufichuka: kumbe alikuwa anaandaa zawadi, kumbe ilikuwa dawa ya mgonjwa, sote tukapumua. Maisha hayaendi hivyo kila mara. Mara nyingi Idi inakuja na kupita, na ile laki nane hutaisikia tena. Moyo uliosalimika ni ule usiohitaji mwisho wa kisa.

Utajuaje kama umesoma zaidi ya kilichoandikwa? Zipo alama, na kila mtu anazijua kwake. Umeurudia ujumbe ule bila sababu ya kuurudia. Umeanza kukumbuka mambo ya zamani na kuyapanga upya yaendane na ujumbe: "Kumbe ndiyo maana siku ile hakuja kwenye arusi." Umemuuliza mtu swali la kuzunguka, kama "Hivi kaka yako siku hizi kazi inaendaje?", na huulizi kazi. Au umepiga picha ya skrini ukisema ni ya akiba tu. Akiba ya nini? Ukijikuta kwenye moja ya haya, hujaanguka bado, lakini umeanza kushuka ngazi. Futa, tawadha, endelea na juzuu yako.

Mimi kila nikifika kumi hili la mwisho nakumbuka kisa cha mama yetu Safiya bint Huyay, Mwenyezi Mungu amridhie, kilichomo kwa Bukhari na Muslim. Alikwenda usiku kumtembelea Mtume (s.a.w.) akiwa itikafu, katika kumi hili hili. Alipoinuka kurudi, Mtume akamsindikiza. Wakapita wanaume wawili wa Answari, walipomwona Mtume wakaharakisha mwendo. Akawaambia waende taratibu, akawajulisha kuwa huyo ni Safiya. Wakashtuka, wakasema Subhanallah, hawakuwa wamewaza lolote. Akawaeleza kwamba shetani anatembea ndani ya mwanadamu kama damu, na alichelea asije akawatia kitu nyoyoni.

Kisa hiki tunakisikia kila mwaka. Leo kitazame kwa pande mbili. Upande wa aliyeonekana: Mtume wa Mwenyezi Mungu, aliyetakasika na kila tuhuma, hakuona ni udhalili kutoa ufafanuzi mfupi. Kwa hiyo wewe uliyetuma ujumbe kwa makosa, usijikaushe. Sema "samahani, nilikosea namba", na kama kuna neno moja linaloweza kumtuliza mwenzio bila kufichua amana ya mtu, liseme: "Samahani shemeji, haikukuhusu." Limekwisha. Na upande wa walioona: wale Answari hawakusimama kuuliza huyo ni nani. Walipita zao. Ufafanuzi walipewa, hawakuudai.

Sasa mipaka, maana si kila ujumbe ni wa kurudisha na kunyamaza.

Kwanza, ujumbe wa dharura. "Mama amezidiwa, tuko mapokezi, njoo na kadi ya bima." Huu usiujibu kwa maandishi, piga simu hapo hapo. Aliyetuma anaamini ndugu yake ameshapata habari na yuko njiani, kumbe hakuna aliyepata. Dakika zako ndizo zinazohesabika. Na ukiona ujumbe unaoeleza mtu anakusudia kujidhuru, au mtoto anaumizwa, hapo amana haikufungi mdomo. Kuzuia madhara kunatangulia, na utamweleza yule tu anayeweza kuyazuia.

Pili, haki yako mwenyewe. Ile laki tano uliyomkopesha shemeji ni haki yako, na ahadi ilikuwa Ramadhani. Unaruhusiwa kumdai, na umdai kwa uzuri. Lakini mdai kwa ahadi yenu, si kwa ujumbe uliookota. "Shemeji, tulisema Ramadhani, umefikia wapi?" ni neno la halali. "Nimeona una laki nane, mbona yangu hulipi?" umekula kilichokuwa kwenye mfuko usio wako. Deni lilikuwepo kabla ya ujumbe ule, na lijadiliwe kama vile ujumbe haukufika.

Na kama maneno ya ujumbe yanakuhusu wazi, kwa jina lako, na yamekuumiza? Muulize mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya kumwambia mtu yeyote. Mwaka wa 8 wa Hijra, kabla ya kufunguliwa Makka, ufunguzi uliotokea ndani ya Ramadhani, Hatib bin Abi Balta'a aliandika barua kuwajulisha watu wa Makka habari za Mtume (s.a.w.). Mtume alimtuma Ali na wenzake wakamkuta mwanamke aliyeibeba mahali paitwapo Raudhat Khakh, wakaichukua. Hii haikuwa meseji ya mapengo. Ilikuwa barua iliyo wazi, tena jambo la vita. Pamoja na hayo yote, Mtume alimwita Hatib na kumuuliza kwanza: ni nini hiki? Hatib akaeleza kuwa alikuwa na jamaa Makka wasio na wa kuwalinda, akataka awe na mkono kwa watu wa kule. Umar alitaka kumkata shingo. Mtume akamkubalia Hatib ukweli wake, na akakumbusha kwamba alihudhuria Badri. Ikiwa barua ile iliulizwa kwanza, sentensi mbili za WhatsApp ni nani azihukumu bila kuuliza?

Tatu, ujumbe wa wageni. Hapa Tanzania hakuna asiyewahi kupata: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Umeona neno "ile" limerudi? Tapeli hajui kama unadaiwa. Anajua tu kwamba katika watu wengi anaowatumia, yupo mmoja ambaye leo alikuwa anakwenda kulipa kodi ya chumba, naye atalijaza pengo mwenyewe: "Ah, huyu ni mwenye nyumba, amebadilisha namba." Ule utapeli unaishi kwa ugonjwa ule ule tulioueleza, kusoma zaidi ya kilichoandikwa. Huo usiujibu wala usimtume mtu pesa. Mpigie unayemdaiwa kwa namba yake unayoijua, na namba ya tapeli iripoti kwenda 15040. Na yule anayeandika "Samahani nimekosea namba, lakini inaonekana wewe ni mtu mwema, tufahamiane", mjibu mara moja kwamba amekosea, au usimjibu kabisa, halafu funga mlango. Adabu ya kurudisha ujumbe haikulazimishi kumkaribisha ndani aliyeuleta.

Lakini si kila mgeni ni tapeli. Laini za simu zikiachwa muda mrefu bila kutumika hupewa mtu mwingine. Unaweza kuwa unatumia namba iliyokuwa ya mtoto wa mtu. Jioni moja ukapata, "Mwanangu, umefuturu?" Mjibu kama mama: "Shikamoo mama. Namba hii sasa ninayo mimi, si mwanao tena. Samahani sana mama, na Ramadhani njema." Usimuulize mwanao yuko wapi, hamjaongea tangu lini, kuna nini. Jambo lile ni la mama na mwanawe na Mola wao. Ukitaka kumfanyia zaidi, mwombee wakati wa kufuturu, dua haihitaji maelezo.

Na mwisho, makundi. Mtu akiangusha kwenye kundi letu la msikiti ujumbe uliokuwa wa mkewe au wa daktari wake, usimjibu mle mle kundini, na usiunukuu ujumbe wake kwa kuujibu, kwa kuwa hata akiufuta, wako utabaki na maneno yake. Mwandikie pembeni: "Ndugu yangu, ujumbe wako wa sasa hivi umeingia kundini, ufute kwa watu wote." Sisitiza "kwa watu wote", kwa sababu wengi kwa haraka hufuta kwenye simu yao peke yake, wakadhani umeondoka, na sisi tunaendelea kuuona. Hapokei? Mwambie msimamizi wa kundi, naye anaweza kuuondoa. Sisi wengine tupite, kama walivyopita wale Answari.

Kazi ya leo kabla ya magharibi: fungua simu yako. Kama kuna ujumbe wa mtu usiokuwa wako uliouhifadhi, au picha ya skrini uliyoiweka "akiba", ifute sasa. Na kama kuna ndugu uliyempunguzia salamu kwa sababu ya maneno ambayo hakukuandikia wewe, mtumie salamu leo. Usimwambie kwa nini.

Ewe Mola wetu, tusamehe dhana zetu, zifiche aibu zetu kama ulivyotuamrisha tufiche za wenzetu, na utufikishe Laylatul Qadri nyoyo zetu zikiwa salama juu ya waja wako. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.